Afya ya Betri Inasoma 79%: Ubadilishe au Ungoje?

Kila wiki tunapokea swali hili kutoka kwa wateja: "Nilituma pesa, nikaweka PIN, halafu simu ikazima kabla SMS haijaingia. Je, pesa ilienda?"

Jibu ni kwamba inategemea simu ilizima wakati gani. Kama ilizima kabla hujaweka PIN na kukubali, hakuna kilichotumwa. Kama ilizima baada ya hapo, huenda ombi lako lilikuwa limeshafika kwetu, na kazi iliyobaki hufanyika kwenye mitambo yetu, si kwenye simu yako. Kwa hivyo usikimbilie simu ya jirani ukatuma tena. Washa simu kwanza, ungoje SMS iingie, kisha uangalie salio au taarifa ya akaunti. Wengi waliotuma mara mbili walitaka tu kuharakisha.

Tukiuliza simu ilizima kwa nini, mara nyingi tunaambiwa: "Betri imezeeka. Niliangalia, afya inasoma 79%." Hapo ndipo tunataka kukaa leo. Hiyo nambari inapima nini hasa? Na je, ikishuka chini ya 80 ni lazima utoe pesa ununue betri mpya?

Nambari hiyo si chaji iliyobaki

Asilimia iliyo juu ya skrini inakuambia umebakisha chaji kiasi gani sasa hivi. Asilimia ya afya ni kitu kingine. Inalinganisha kiasi ambacho betri inaweza kubeba leo ikijaa kabisa, na kiasi ilichoundwa kubeba ilipokuwa mpya.

Fikiria tangi la maji lililo juu ya nyumba. Lilipokuwa jipya lilibeba lita 5,000. Kadiri miaka inavyoenda, matope yanajikusanya chini, na sasa likijaa linabeba lita 4,000 tu. Ukilitazama linasema "limejaa", na kweli limejaa, lakini maji ni machache. Betri ya 5000 mAh yenye afya ya asilimia 80 iko hivyo hivyo: ikisoma 100% juu ya skrini, ndani yake mna karibu 4000 mAh.

Betri hupungua kwa sababu ya kutumika, na hesabu yake hufanywa kwa mizunguko ya kuchaji. Mzunguko mmoja si kuchomeka chaja mara moja. Ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, huo ndio mzunguko mmoja, hata kama ulichomeka simu mara tano. Apple, kwa mfano, inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 kuendelea baada ya mizunguko 1,000, zikitumika katika hali nzuri. Joto hupunguza umri huo. Simu inayochajiwa juani huchoka mapema kuliko mizunguko yake.

Kwa hivyo 80 ni alama ya watengenezaji. Ni mahali wanapohesabu kwamba betri imefanya kazi waliyoahidi. Betri haifi ikifika 79. Ilikuwa 81 mwezi jana na ulikuwa ukiitumia vizuri tu.

Inapatikana wapi?

Kwenye iPhone, ingia Settings, kisha Battery, kisha Battery Health. Kuna matoleo yanayoandika Battery Health & Charging. Nambari iko kwenye Maximum Capacity. Kwenye Google Pixel 8a na zilizokuja baadaye, ingia Settings, Battery, kisha Battery health. Kwenye Samsung nyingi, fungua programu ya Samsung Members na ufanye ukaguzi wa simu. Simu nyingi zitakujibu kwa neno, kama vile Good, badala ya asilimia. Kwa simu nyingine za Android, fungua Settings na uandike "battery health" mahali pa kutafuta. Ikikosekana, basi simu yako haionyeshi, na usihangaike. Tutakupa njia nyingine hapa chini.

Ziko programu za kupakua zinazokadiria afya ya betri. Ukichagua kutumia moja, kumbuka kwamba programu ya kupima betri haina haja ya kusoma SMS zako, wala nambari ulizohifadhi. Ikiomba ruhusa hizo, ikatae na uifute. SMS zako ndizo zinazobeba habari za pesa zako.

Jambo lingine: nambari hii ni makadirio. Simu huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inakisia ukubwa wa tangi. Ndiyo maana inaweza kukaa 100 miezi kadhaa, halafu ishuke mara mbili kwa wiki moja. Usiiangalie kila siku. Mara moja kwa miezi miwili au mitatu inatosha.

Kile ambacho nambari haikuambii

Turudi kwenye tangi. Tangi linaweza kuwa kubwa na limejaa, lakini bomba linaloshuka jikoni limeziba kwa kutu. Ukifungua mfereji kidogo, maji yanatoka vizuri. Ukifungua wote pamoja na ule wa bafuni, yanakatika.

Betri nayo ina "bomba". Kadiri inavyozeeka, au ikichomwa na joto, umeme hupita kwa shida ndani yake. Simu ikifanya kazi nyepesi hutaona tofauti. Lakini ukifungua kamera, mwangaza wa skrini ukiwa juu kabisa, huku simu ikitafuta mtandao kwa nguvu, inahitaji umeme mwingi kwa ghafla. Bomba lililoziba halitoi. Nguvu ya umeme inashuka chini ya kiwango ambacho simu inahitaji, na simu inajizima, ingawa juu ya skrini ilikuwa inasoma asilimia 25.

Huu ndio ugonjwa unaokata muamala katikati. Na asilimia ya afya inapima tangi, haipimi bomba. Mara nyingi hayo mawili huzeeka pamoja, lakini si kila mara. Kwenye iPhone nyingi utapata chini ya nambari maelezo ya Peak Performance Capability. Hayo ndiyo yanayogusia bomba. Ukiona yanasema simu iliwahi kujizima kwa sababu betri haikutoa nguvu ya kutosha, yape uzito kuliko asilimia yenyewe.

Mfano wa kwanza: 79%, na hahitaji betri mpya

Tuchukue mama mwenye duka Kawangware. Simu yake ina betri ya 5000 mAh, ameitumia miaka mitatu, na afya inasoma asilimia 79. Anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Siku hizi simu inakufa saa kumi jioni, wakati wateja ndio wanaanza kuja. Ameshaamua kwamba ni betri.

Kabla hajatoa pesa, tufanye hesabu. Anakumbuka kwamba simu ilipokuwa mpya, alikuwa akifunga duka ikiwa imebaki asilimia 35. Yaani siku nzima ilikula asilimia 65 ya 5000, ambayo ni 3250 mAh. Leo tangi lake ni asilimia 79 ya 5000, yaani 3950 mAh. Kama matumizi yake hayajabadilika, 3250 kutoka kwa 3950 ni kama asilimia 82. Angepaswa kufunga duka akiwa na asilimia 18 hivi. Si nyingi, lakini angefika.

Basi kwa nini inakufa saa nne kabla ya wakati? Betri iliyopungua haitoshi kueleza hilo. Kuna kitu kingine kinachokula. Akiingia Settings, kisha Battery, anapata orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imetumia. Juu kabisa anakuta programu ya video ambayo mtoto anaifungua akitoka shule na kuiacha ikicheza. Ya pili ni mtandao wenyewe: duka ni la mabati, simu iko kwenye droo, na mahali penye mtandao hafifu simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Akizuia video na kuiweka simu karibu na dirisha, anafika saa mbili.

Betri mpya ingemficha tatizo kwa muda tu. Tangi lingekuwa kubwa tena, lakini mfereji ungebaki wazi.

Sasa geuza mfano kidogo. Kama simu ilipokuwa mpya alikuwa anafunga duka na asilimia 15 tu, basi siku yake inahitaji 4250 mAh. Tangi la leo ni 3950. Hapo hata akizima kila kitu cha ziada, hana nafasi ya kupumua. Nambari ni ile ile 79, lakini jibu limebadilika, kwa sababu siku ya kazi ni kubwa kuliko tangi. Kama anaweza kuchaji nusu saa wakati wa chakula cha mchana, au ana pawabenki, anaweza kungoja. Kama hawezi, betri mpya ina maana.

Mfano wa pili: 86%, na anahitaji betri mpya

Mwendesha bodaboda ana simu yenye afya ya asilimia 86. Ukiangalia nambari tu, utasema ni nzima. Lakini simu hukaa kwenye usukani, juani, ikichajiwa na pikipiki huku ramani ikiwa wazi. Mwezi uliopita ilianza kujizima ikisoma 27, mara nyingi akiwa na ramani na simu ya abiria kwa pamoja. Akichomeka chaja, inawaka na kusoma 24.

Hiyo ndiyo dalili ya kushika. Betri iliyoisha kweli huwaka ikisoma 0 au 1. Ikiwaka na chaji nyingi namna hiyo, chaji ilikuwepo ila haikuweza kutoka. Bomba ndilo limeziba. Kupunguza mwangaza na kuzima ramani kutamsaidia siku chache, lakini hakutafungua bomba. Na huyu ndiye mteja ambaye abiria anamlipa barabarani, na simu inamfia mkononi kabla hajaona kama pesa imeingia.

Abadilishe betri. Halafu aache kuichaji juani, la sivyo na hiyo mpya itachomeka.

Jipime kwa siku tatu

Hata kama simu yako haionyeshi afya, unaweza kujua uko upande gani. Ondoka nyumbani ikiwa 100. Andika asilimia saa nne asubuhi, saa saba, saa kumi na usiku ukifika. Fanya hivyo siku tatu za kazi za kawaida, kisha utazame ulichoandika.

Ikiwa inashuka taratibu na kwa usawa lakini haifiki jioni, tangi limepungua au kuna kitu kinachokula. Angalia orodha ya matumizi kwanza. Ikiwa inaruka, kwa mfano 42 halafu dakika chache baadaye 18, au inazima ikiwa bado na chaji ya kutosha, ni betri. Jaribu chaja na waya mwingine pia, kwa sababu waya mbovu huifanya simu isijae usiku, na asubuhi lawama zinaenda kwa betri.

Kuna hali moja isiyongoja siku tatu. Mgongo wa simu ukiinuka, kioo kikianza kuachana na fremu, au simu ikicheza-cheza ukiilaza mezani, betri imevimba. Acha kuichaji, usiibonyeze, usiitoboe, na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Hapo hatuulizi asilimia.

Je, simu yenyewe inafaa betri mpya?

Tuseme umethibitisha ni betri. Fundi anataka Sh2,500, betri na kazi. Simu mpya unayoitamani ni Sh18,000, na kwa kawaida simu hukudumu miaka mitatu. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako.

Simu mpya itakugharimu Sh18,000 kwa miezi 36, yaani Sh500 kwa mwezi. Gawanya bei ya betri kwa hiyo 500: unapata miezi 5. Maana yake, ukiamini simu ya sasa itakutumikia zaidi ya miezi mitano baada ya kupata betri, umefaidika. Ikidumu miezi 18 zaidi, umelipa kama Sh139 kwa mwezi.

Kinachovuruga hesabu hii ni simu ambayo itakwama kwa sababu nyingine. Kioo kimepasuka na kinajibonyeza chenyewe? Tundu la chaji limelegea? Mfumo ni wa zamani hadi programu ya malipo inakataa kusasishwa? Basi betri mpya itabaki nzima ndani ya simu usiyoweza kuitumia. Okoa hizo pesa.

Ukinunua betri, au simu ya mtumba

Mwambie fundi modeli kamili ya simu yako, si jina tu. Betri yenye umbo sawa na ya awali lakini inayodai kubeba mAh nyingi kupita kiasi, itilie shaka. Uliza ina waranti ya miezi mingapi na uandikiwe kwenye risiti. Jua pia kwamba simu iliyokuwa inazuia maji huenda isizuie tena baada ya kufunguliwa.

Kwa wanaonunua iPhone za mtumba: nambari ya 100% si ushahidi tosha, kwa sababu kuna vifaa vya mafundi vinavyoweza kubadilisha kile betri inachoripoti. Ingia Settings, General, kisha About. Kwenye iPhone XS, XR na za baadaye, betri ikiwa imebadilishwa utaona sehemu ya Parts and Service History, inayosema kama ni Genuine au Unknown Part. Kwenye iPhone 15 kuendelea, linganisha pia na Cycle Count. Betri inayosoma 100 na mizunguko 600 inakudanganya.

Kabla hujamwachia fundi simu

Hapa ndipo tunaomba usome polepole, maana kubadilisha betri hakuhitaji mtu kuingia kwenye simu yako.

1. Toa laini. Iweke kwenye kabambe, uendelee kupokea pesa na SMS ukingoja. Kama unatumia laini ya kielektroniki isiyotoka, ngoja hapo hapo dukani hadi kazi iishe.
2. Ondoka kwenye programu ya malipo na zile za benki kabla ya kuzima simu.
3. Usimpe fundi PIN ya kufungua simu. Akimaliza, ifungue wewe mwenyewe mkijaribu pamoja.
4. PIN ya pesa haina kazi yoyote kwenye ukarabati. Atakayeiomba, chukua simu yako uende.
5. Kabla hujalipa, chaji dakika chache, piga simu, fungua kamera na mwangaza ukiwa juu. Ikihimili hayo yote kwa pamoja, bomba liko wazi.

Ukirudisha laini, huenda programu ikakuomba uthibitishe nambari yako upya. Hilo ni la kawaida. Fanya mwenyewe, ukiwa umetulia, na usimsomee mtu yeyote nambari ya uthibitisho utakayotumiwa kwa SMS, hata kama ni fundi aliyekufanyia kazi safi.